Fundi wa Mashine na Wateja Wanaofanya Kazi Usiku

Mvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria hufuata mwezi. Usiku wa giza taa zake, zamani karabai na siku hizi taa za betri na sola, huwavuta dagaa juu. Mbalamwezi ikikolea taa hazifui dafu, dagaa hutawanyika, na mitumbwi mingi hupandishwa mchangani kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kwa watu wanaomhudumia mvuvi huyo, kama fundi wa mashine, muuza mafuta au mwenye kibanda cha kuchaji betri, suala la saa za kazi lina ugumu wake. Mteja yuko macho wao wakiwa wamelala, na saa anayowahitaji zaidi ndiyo saa ambayo maduka yote ya Musoma mjini yamefungwa.

Nimemchagua fundi wa mashine za mitumbwi, kuanzia mialo ya Bukima na Majita mpaka Mwigobero, kwa sababu kwake suala hili linaonekana bila pazia. Mwanasheria wa mjini akimwambia mteja ampigie Jumatatu, mteja atanung'unika kidogo na kusubiri. Fundi akimwambia tajiri wa mtumbwi hivyo hivyo katikati ya siku za giza, tajiri anapiga hesabu papo hapo: mafuta yameshanunuliwa, vijana wa kazi wameshakula, na usiku huu hawatoki.

Hesabu hiyo ndiyo inayotuonyesha mteja anakasirishwa na nini hasa. Tuchukue simu ya saa 10 jioni. Mashine haiwaki, mtumbwi unatakiwa kutoka saa 12, na fundi yuko mwalo mwingine akifungua kabureta ya mtu. Wengi wetu tungesema lile neno la kistaarabu: "Nakuja sasa hivi, mkuu." Saa 11 anapigiwa tena, anasema yuko njiani. Saa 12 na nusu hapokei. Kumbe angesema tangu mwanzo kwamba hawezi kufika kabla ya kesho saa 3 asubuhi, tajiri angekuwa na saa mbili za kuazima mashine ya jirani, au kuwapeleka vijana wake kwenye mtumbwi mwingine. Alichonyimwa si huduma tu, alinyimwa nafasi ya kujipanga. Adabu ya "nakuja sasa hivi" imemgharimu usiku mzima wa giza, na katika mwezi mmoja siku hizo zina idadi yake.

Kwa hiyo hofu ya kuonekana mkorofi, ambayo ndiyo huwafanya mafundi wasiseme saa zao, imeelekezwa mahali pasipostahili. Ukitaka ushahidi, itazame Jumamosi katika mkoa wa Mara. Waadventista Wasabato wamekuwa wengi kandokando ya ziwa hili tangu wamisionari wao walipofika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na fundi Msabato hagusi spana kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Ni saa 24 kamili, na wakati mwingine zinaangukia katikati ya giza, siku za kazi kubwa. Lakini husikii mtu akisema fundi yule anaringa. Mteja anayemhitaji huwahi Alhamisi, au anasubiri Jumamosi jioni.

Kwa nini mpaka huo haumuudhi mtu, ilhali simu moja isiyopokelewa Jumanne usiku inaleta maneno? Imani inaheshimiwa, hilo ni kweli, lakini haitoshi kuwa jibu, maana wateja wengine ni Waislamu, wengine Wakatoliki, wengine hawana dini ya kuwazuia lolote. Nadhani kinachofanya kazi ni mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Mpaka unajulikana mapema, kabla mashine haijaharibika. Unamhusu kila mtu, tajiri wa mitumbwi kumi na kijana mwenye mtumbwi wa kukodi, kwa hiyo hakuna anayeuona kama dharau kwake. Na una mwisho unaojulikana: hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na nusu na kama saa 1 jioni mwaka mzima, hivyo mteja anajua saa ya kuja. Fundi ambaye si Msabato anaweza kuyachukua mambo hayo matatu na kuyatumia kwa saa zake za kawaida, na asishangae watu wakimkubalia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Makosa mengi hutokana na kuahidi saa ambayo huna mamlaka nayo. Kati ya simu ya mteja na mashine kuwaka kuna saa nne tofauti: ya kujibu, ya kuitazama mashine, ya kuanza kuitengeneza na ya kuikabidhi. Mteja huzisikia kama saa moja. Ukimwambia "nitakujibu kabla ya saa 4" anaweza kuelewa kwamba saa 4 mashine itakuwa tayari. Na ambayo fundi anaitawala kweli ni ile ya kwanza tu. Ya mwisho inategemea spea. Kama pampu ya maji imekufa na kipuri hakipo Musoma, kinaagizwa Mwanza na kuja kwa basi, zaidi ya kilomita 200, na basi lina mambo yake. Kwa hiyo ahadi ya kujibu itolewe kwa saa kamili, na ahadi ya kukabidhi itolewe kwa sharti: "Pampu ikifika na basi la leo jioni, kesho saa 6 mchana unaichukua. Isipofika, nakupigia leo kabla ya saa 2 usiku tujue la kufanya." Sentensi hiyo ya pili ndiyo yenye thamani. Inamwambia mteja kwamba hata mambo yakienda mrama, kuna saa ambayo ataambiwa.

Saa yenyewe ya kujibu isitoke hewani. Fundi aandike kwenye daftari, kwa siku chache za giza na chache za mbalamwezi, simu au ujumbe umeingia saa ngapi na amejibu saa ngapi. Halafu aichague saa ambayo angeweza kuitimiza mara tisa kati ya kumi. Kama wengi huwajibu ndani ya dakika 40 lakini siku ya kazi nyingi zinafika saa mbili, ahadi ni saa mbili. Anayeahidi dakika 40 atasifiwa siku nne na kulaumiwa ya tano, na mwaloni lawama ya siku ya tano ndiyo itakayosimuliwa.

Daftari litaonyesha pia kwamba ratiba moja ya mwaka mzima haifai. Siku za mbalamwezi mashine ziko nchi kavu, wateja wanataka matengenezo ya kawaida, na fundi anaweza kufungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 11 jioni bila kelele. Siku za giza saa zenye moto ni mbili: alfajiri mitumbwi inaporudi, na alasiri kabla haijatoka. Mchana kati ya saa 5 na saa 8 mvuvi amelala. Fundi mwenye akili hulala saa hizo hizo, akafungua saa 11 alfajiri na kufunga baada ya mtumbwi wa mwisho kutoka. Jumla ya saa za kazi imeongezeka kidogo tu, zaidi zimehamishwa zikafuata kalenda ya mteja. Hapo hata neno "nimefunga" linapungua ukali, kwa kuwa amefunga wakati mteja mwenyewe hana haja naye.

Inabaki simu ya usiku wa manane. Hii lazima ipangwe kwa uzito, na upangaji uelezwe mchana. Mashine imezima mtumbwi ukiwa majini na upepo umechafuka: hilo si la fundi hata kidogo, na fundi muungwana husema hivyo mapema. Wa kuitwa kwanza ni mtumbwi ulio karibu, viongozi wa BMU wa mwaloni, na namba ya dharura 112. Fundi aliye kitandani Nyasho hawezi kumwokoa mtu aliye katikati ya ziwa, na kila dakika inayotumika kumtafuta yeye ni dakika iliyopotea. Mashine imezima mwaloni, kabla ya kutoka: hiyo ndiyo simu ya usiku halali. Mashine inawaka ila inakunywa mafuta sana: hiyo ni ya asubuhi, hata kama mwenyewe ameiona saa 7 usiku.

Ili kuzitenganisha, maswali matatu yanatosha, na mteja akiyajua kabla hujamuuliza simu inakuwa fupi. Uko majini au mwaloni? Mashine inatoa maji ya kupozea au haitoi? Ilizima ghafla, au ilianza kupoteza nguvu kidogo kidogo? Iliyokata maji ya kupozea isiwashwe tena, izimwe mpaka fundi aione, kwa sababu kuendelea kuilazimisha kunaweza kuua pistoni, na kazi ya pampu ikageuka kazi ya injini nzima. Iliyopoteza nguvu polepole mara nyingi ni mafuta machafu au plagi, na kijana wa mtumbwi anaweza kubadilisha plagi mwenyewe akielekezwa kwa simu. Fundi akiwaeleza wateja haya siku tulivu, simu nyingi za usiku zinajimaliza zenyewe.

Nimeona wazo kama hili kwenye ofisi za umma pia. Tangu maboresho ya utumishi wa umma ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi za serikali Tanzania zimekuwa zikiandika Mkataba wa Huduma kwa Mteja, na mfano wa zamani wa mikataba hiyo ni ule wa Uingereza wa mwaka 1991. Watu hutazama sehemu yenye siku na saa za huduma, wakacheka au wakakasirika. Mimi sehemu ninayoipenda ni ile isiyosomwa, inayotaja wajibu wa mteja: aje na nyaraka zipi, atoe taarifa gani. Ahadi ya muda bila wajibu wa upande wa pili haisimami. Fundi akisema "nitakujibu ndani ya saa mbili ukinitumia aina ya mashine, mahali ulipo na hayo majibu matatu", anakuwa ameahidi kitu kinachotimizika.

Maneno yenyewe yana kazi yake. Linganisha matangazo mawili ukutani. La kwanza: "HATUPOKEI SIMU BAADA YA SAA 1 USIKU." La pili: "Simu zinapokelewa saa 11 alfajiri hadi saa 1 usiku. Mashine ikikataa kuwaka mwaloni usiku, piga namba hii." Saa ni zile zile. La kwanza linaanza kwa kukataa, na msomaji wa Kiswahili hulisikia kama mlango umebamizwa usoni. La pili linaanza na kinachopatikana. Hiyo haina maana kwamba tuzungushe maneno mpaka saa ipotee. Tangazo lenye "samahani" tatu na "tunaomba radhi" mbili linamfanya mtu ahisi kuna jambo baya linakuja, na kisha hakumbuki tulifunga saa ngapi.

Kwenye ujumbe unaojituma wenyewe kuna kishawishi kingine, salamu. Ana kwa ana fundi kijana atamwamkia mzee shikamoo, atamsalimia mwenzake mambo. Ujumbe wa simu haujui unakwenda kwa nani. "Mambo vipi" ikimfika mzee wa miaka sabini ni utovu wa adabu, na "shikamoo" ikimfika kijana wa miaka ishirini ni kichekesho. Njia salama ni kuanza kwa shukrani na kuacha salamu kwa siku ya kuzungumza. Kitu kama hiki kinatosha:

"Asante kwa ujumbe, umefika. Karakana inafunguliwa saa 11 alfajiri na utajibiwa kabla ya saa 1 asubuhi. Kama mashine imekataa kuwaka na mtumbwi ulikuwa utoke usiku huu, usiandike, piga. Mkiwa majini, iteni kwanza mtumbwi wa jirani na BMU, au 112. Karibu."

Mteja amejua ujumbe umefika, amejua saa, na amepewa mlango wa dharura wenye masharti. Hakuna sababu ya kufunga iliyotolewa. Sababu haihitajiki, ukisema "nimechoka" au "niko na familia" unamkaribisha mtu apime uchovu wako dhidi ya hasara yake.

Wengi sasa huutuma ujumbe huo kwa WhatsApp Business, kwenye sehemu inayoitwa Away message, ukichagua Outside of business hours ili utumwe baada ya saa za kazi peke yake. Kuna mambo mawili ya kuangalia kwa mazingira yetu. Ujumbe huo hautoki kama simu ya fundi haina intaneti. Bando likiisha saa 3 usiku, ukimya unarudi, na mteja aliyezoea kujibiwa na simu ataudhika zaidi kuliko asiyezoea. La pili ni saa zenyewe. Ukijaza saa za kazi kwenye wasifu zinaonekana kwa mtindo wa 05:00 na 19:00, na mvuvi anayesoma 5:00 anaweza kuelewa saa 5 asubuhi, akapoteza asubuhi nzima. Kwa hiyo saa iandikwe pia kwa maneno, saa 11 alfajiri, kwenye maelezo ya biashara. Kwa ndugu aliye Muscat anayelipia mashine ya mdogo wake Bunda, andika kwa mtindo wa kimataifa na useme ni saa za Tanzania. Kule wametutangulia saa moja, kwa hiyo 11:00 yetu ni 12:00 yao.

Alama mbili za buluu nazo zina ugomvi wake. Mtu akiona umesoma saa 4 usiku na hukujibu, amehesabu dharau. Unaweza kuzizima, na wewe hutaona za wengine, ingawa ujumbe wa sauti ukiusikiliza bado aliyeutuma anajua. Ushauri wangu ni rahisi zaidi: usifungue ujumbe wa kazi baada ya kufunga kazi. Na ukifungua, usijibu. Jibu moja la saa 5 usiku, hata la neno moja, linafuta tangazo lote la ukutani, kwa sababu mteja huamini anachokiona ukifanya.

Ndugu ni sura nyingine. Mjomba hapigi simu ya karakana, anabisha hodi nyumbani, na hakuna tangazo linalomzuia mjomba. Hapa nimeona njia mbili zinazoelekea kufanikiwa. Moja ni laini tofauti: laini ya karakana inakaa kwa msaidizi usiku, na fundi kwa ukweli kabisa anaweza kusema simu za kazi anazo kijana. Nyingine ni ada ya usiku, inayojulikana kwa wote, tuseme shilingi 20,000 juu ya gharama ya kazi kwa yeyote anayemtoa fundi kitandani. Wapo wanaoona ada hiyo ni tamaa. Mimi naiona ni adabu zaidi ya kukataa, kwa kuwa inamwachia mteja uamuzi: mwenye hasara kubwa atalipa kwa furaha, asiye na haraka atasubiri alfajiri. Sharti lake ni moja, itajwe kabla ya fundi kutoka nyumbani. Ada inayotajwa baada ya kazi, hata iwe 5,000, ni ugomvi. Na mjomba alipe nusu, kila mtu akijua kwamba ni nusu.

Msaidizi anayeshika simu usiku asisahauliwe. Fundi anayejiajiri anaweza kujichosha atakavyo, lakini aliyeajiri yuko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Kijana anayekaa macho akipokea simu yuko kazini hata kama hajashika spana. Ahadi ya "tunapatikana usiku" inayotolewa kwa wateja bila kuhesabu gharama hiyo ni ahadi inayolipwa na mtu mwingine, na siku kijana atakapozima simu akalala, jina litakaloharibika mwaloni ni la fundi.

Halafu kuna siku ambayo saa iliyoahidiwa itapita. Basi limeharibika Lamadi, spea haijafika, na ni saa 1 na nusu usiku. Ahadi ilikuwa kupiga kabla ya saa 2. Wengi husubiri wapate habari nzuri ndipo wapige, wakipitisha saa. Simu ipigwe sasa hivi, ikiwa na habari mbaya na saa mpya: "Shikamoo mzee. Spea haijafika, basi liko Lamadi. Kesho saa 3 asubuhi nitakuwa na jibu lingine. Kama unaweza kuazima mashine kwa usiku wa leo, azima, mimi nitakuja kuifunga bila malipo." Mzee atakasirika kidogo, kisha ataanza kuwapigia wenzake.